Dakika ishirini za mtu asiyekujua: kisa cha muuguzi na mfuatiliaji wa majaribio ya dawa

Muuguzi niliyesoma naye zamani alinipigia simu jioni moja, hasira zimemjaa. Katika muda wa wiki tisa alikuwa ameandikia watu kumi na mmoja akiwaomba wamweleze kazi yao ilivyo, na waliomjibu walikuwa wawili tu. Mmoja alimwambia apeleke wasifu wake kwenye tovuti ya kampuni. Wa pili alijibu "sawa, karibu", kisha kimya. "Watu wa huko kwenu mnaringa," akaniambia.

"Huko kwetu" ni kwenye utafiti wa dawa. Mimi niko upande wa data, kazi yangu ni kusafisha takwimu zinazoletwa na vituo vya majaribio. Yeye alitaka kuwa mfuatiliaji, yaani yule mtu anayezunguka vituoni kuangalia kama jaribio linaendeshwa jinsi itifaki, yaani mpango wake ulioandikwa, inavyosema, na kama kilichojazwa kwenye fomu za utafiti ndicho kilichoandikwa kwenye jalada la mgonjwa. Nilipomuuliza amewaandikia akina nani, jina la tatu alilolitaja lilikuwa la dada ninayekaa naye meza jirani.

Hapo ndipo nilipoona nina bahati ambayo mwombaji huwa hanayo: naweza kuuona ujumbe, halafu nikamuuliza aliyeupokea kwa nini hakuujibu. Wote wawili wameniruhusu kueleza kilichotokea. Majina nimeyaacha, nitawaita muuguzi na mfuatiliaji.

Ujumbe wa kwanza ulikuwa huu, neno kwa neno:

"Habari za kazi. Natumaini u mzima wa afya. Mimi ni muuguzi mwenye uzoefu wa miaka sita na nina ari kubwa ya kujiunga na sekta ya utafiti wa tiba. Nimeona wasifu wako na nimevutiwa sana na mafanikio yako. Ningependa kujifunza kutoka kwako na ikiwezekana uwe mshauri wangu. Je, tunaweza kuonana siku yoyote utakayopata nafasi ili nikuulize maswali machache? Pia naambatisha wasifu wangu na vyeti endapo kutakuwa na nafasi yoyote inayonifaa. Nitashukuru kwa msaada wako wowote."

Ukiusoma haraka huoni kosa. Lugha ni safi, adabu ipo, urefu si wa kuchosha. Nilimwonyesha mfuatiliaji siku ya pili yake wakati tunasubiri mkutano uanze. Akautafuta kwenye simu yake, akaukuta, na ulikuwa umeshafunguliwa. "Niliusoma," akasema. "Nikajiambia nitaujibu jioni. Halafu sikujua nijibu nini, maana sikuelewa ananitaka nini hasa."

Hebu tuuhesabu. Mle ndani mna maombi manne: kueleweshwa kazi, kupata mshauri wa kudumu, kuonana ana kwa ana, na kutazamiwa nafasi ya ajira. La kwanza ni jepesi, mtu analitimiza akiwa anakunywa maji. La pili ni ahadi ya miezi. La nne halimo hata katika mamlaka yake, kwa sababu mfuatiliaji haajiri mtu. Ombi jepesi likifungwa kamba moja na mazito, msomaji huyapima yote kwa uzito wa lile zito. Hakukataa, bali aliahirisha, na barua iliyoahirishwa mara mbili huwa imekwisha kufa hata kama haijafutwa.

Kuna kosa la pili ambalo mwandishi wake alilidhani ni heshima: "siku yoyote utakayopata nafasi". Inaonekana kama kumwachia mkubwa achague. Kwa mpokeaji ni kazi mpya. Itambidi afungue ratiba yake, apendekeze siku, afikirie mahali, akisie wataongea kwa muda gani, kisha asubiri kujibiwa. Mtu ambaye hujamlipa chochote umempa ukatibu wa mkutano wako.

Na viambatisho, ambavyo mimi naviona kuwa ndivyo vilivyoharibu zaidi. Wasifu na vyeti vikiingia tu, barua inabadilika jina, inakuwa maombi ya kazi. Kampuni nyingi zina utaratibu kwamba maombi ya kazi yapite kwa idara ya rasilimali watu, na mfanyakazi wa kawaida hupenda kutoyagusa. Yule mmoja aliyejibu "peleka kwenye tovuti" hakuwa akiringa hata kidogo. Alijibu sawasawa swali aliloulizwa. Muuguzi alipolisikia hili alinyamaza kidogo, kisha akacheka, akasema basi yule amsamehe.

Nilitaka pia kumwondolea lile wazo la kuringa, kwa sababu linampotosha mtu katika hatua zinazofuata. Utafiti wa Francis Flynn na Vanessa Lake uliotoka mwaka 2008 ulionyesha kwamba waombaji hukadiria vibaya utayari wa wageni. Washiriki walidhani itawabidi wawaombe watu wapatao 20 ili watano wakubali kujaza dodoso. Kumbe kama 10 walitosha. Lakini wale walikuwa wakiomba uso kwa uso. Mwaka 2017 Mahdi Roghanizad na Vanessa Bohns (ndiye huyo huyo Lake wa mwanzo) wakalinganisha na barua pepe, na mambo yakageuka: kwa barua, waombaji walidhani watakubaliwa zaidi kuliko walivyokubaliwa. Mwombaji anajijua kwamba ni mtu mwema mwenye nia safi, hivyo anaona barua yake inaaminika. Anayeipokea haoni sura wala hasikii sauti, anaona maandishi ya mtu asiyemfahamu. Kwa hiyo majibu mawili kati ya kumi na moja hayakuwa ushahidi wa kiburi cha mtu. Ndivyo barua za wageni zinavyokwenda, na kazi ya mwandishi ni kuweka ndani ya barua kitu kitakachochukua nafasi ya ile sura.

Kitu hicho kilikuwapo tangu mwanzo na muuguzi alikipita. Kwenye ukurasa wa LinkedIn wa mfuatiliaji, mstari wa chini kabisa, uliandikwa kwamba kabla ya kuingia kwenye utafiti alikuwa muuguzi wodini kwa miaka minne. Muuguzi aliuona ukurasa huo. Ndiyo maana alisema "nimeona wasifu wako". Badala ya kusema alichokiona, akasema amevutiwa na mafanikio. Sentensi ya namna hiyo ungeweza kumwandikia rubani au mpishi bila kubadilisha herufi, na mpokeaji anaijua. Angesema "nimeona na wewe ulitoka wodini", mfuatiliaji angesimama hapo hapo, maana ile ni sehemu ya maisha yake ambayo ofisini hakuna anayemuuliza.

Tukapitia na ile orodha ya watu kumi na mmoja. Wanne walikuwa wakurugenzi na wakuu wa idara. Niliwatoa. Si kwamba hawafikiki. Tatizo ni kwamba mkuu wa idara amekaa miaka mingi bila kuingia kituoni, na atakachokueleza ni jinsi idara inavyopaswa kwenda. Kwa mtu anayetaka kuijua kazi, anayefaa ni aliyeingia miaka miwili mpaka mitano iliyopita, kwa sababu bado anakumbuka kilichomtesa mwanzoni na anajua malango yaliyo wazi sasa. Na kama alitokea kule kule unakotoka wewe, huyo mwandikie wa kwanza.

Muuguzi aliniomba nimpelekee ombi lake mwenyewe kwa mdomo, kwa kuwa tunakaa pamoja. Nilikataa. Ningekwenda mimi, mfuatiliaji angekubali kwa ajili yangu, na mazungumzo yangekuwa ya kulipa deni la jirani wa meza. Nilichomruhusu ni kunitaja. Najua wapo watakaoniona mgumu, lakini nimeona mazungumzo mengi ya kupangiwa ambapo mtu anajibu maswali huku akiangalia saa.

Ujumbe wa pili tuliuandika kwa zaidi ya saa nzima, ingawa ni mfupi. Kichwa chake kilikuwa "Muuguzi anayefikiria ufuatiliaji: naomba dakika 20". Ndani:

"Dada, habari za kazi.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, huu ni mwaka wa sita. Rafiki yangu wa upande wa data, mnayekaa meza jirani, ameniruhusu nimtaje. Niliwahi kukuandikia wiki chache zilizopita. Ule ujumbe ulichanganya mambo mengi, naomba uuache.

Nimeona na wewe ulikuwa wodini kabla ya kuwa mfuatiliaji. Kabla sijalipia mafunzo, nataka kuelewa mambo mawili: siku ya kutembelea kituo inakwendaje hasa, na ni kipi cha uuguzi kilichokusaidia au kukukwamisha mwaka wa kwanza.

Naomba dakika 20 kwa simu, nitapiga mimi. Ninaweza Jumanne au Alhamisi ijayo, kuanzia saa kumi na moja jioni. Kama nafasi haipo, hata mistari michache ya maandishi itanitosha.

Siombi kazi wala kuunganishwa na mtu.

Asante sana."

(Jina langu lilikuwamo, hapa nimeliondoa.)

Sehemu niliyoipigania ni "kabla sijalipia mafunzo". Muuguzi aliiona haina maana, akataka kuitoa. Lakini ndiyo inayomwambia msomaji kwa nini dakika zake ishirini zina thamani: kuna uamuzi unaosubiri, una tarehe na una fedha ndani yake, na jibu lake linaweza kuugeuza. Mtu akijua maneno yake yatatumika, huyatoa kwa urahisi zaidi kuliko akiombwa "ushauri" unaoelea tu.

Ile nafasi ya kujibu kwa maandishi nayo si mapambo. Inamwachia mlango mdogo mtu ambaye hawezi simu, ili asilazimike kuchagua kati ya kukubali lote na kunyamaza. Na mara nyingi mtu akianza kuandika mistari miwili huona simu ni rahisi kuliko kuandika.

Kuhusu "siombi kazi", nina shaka nayo mpaka leo. Kila mtu anajua kwamba anayeuliza kuhusu kazi angependa kuipata siku moja. Mstari huo unafaa kwa sharti kwamba uwe kweli kwa mazungumzo hayo, mwanzo mpaka mwisho. Kama moyoni unapanga kuchomekea ombi dakika ya kumi na tisa, usiuandike. Hili tutalirudia.

Uliondoka Jumanne asubuhi. Siku sita, kimya. Muuguzi akaanza tena habari za kuringa. Mimi nilikuwa nikimwona mfuatiliaji hayupo mezani. Alikuwa safarini kwenye kituo, na siku za kituo mtu haoni barua zaidi ya zile za dharura. Jumatano ya wiki iliyofuata muuguzi akajibu juu ya ujumbe wake mwenyewe kwa mistari miwili: "Dada, nimeona Jumanne imepita, nadhani ulikuwa na majukumu. Jumanne au Alhamisi ya wiki ijayo bado ninaweza, na kama haiwezekani nitaelewa." Hakurudia maelezo, hakulalamika, na tarehe alizisogeza mbele ili ujumbe wa zamani usibaki umeoza. Jibu lilikuja kabla ya saa moja kupita: "Samahani, nilikuwa kituoni. Alhamisi saa kumi na moja na nusu. Unipigie."

Kukumbusha ni mara moja, baada ya siku kama saba hivi. Asipojibu hapo, mwache. Ukumbusho wa tatu humfanya mtu ajisikie anadaiwa, na usishangae ukikutana naye baadaye kwenye usaili.

Mtu anaweza kusema ni jina langu lililofungua mlango, na maneno mengine yalikuwa bure. Ni haki kulisema. Lilisaidia, sina shaka. Ndiyo maana muuguzi aliandikia wengine sita kwa mtindo huo huo bila kumtaja mtu yeyote, kila mmoja akimtajia kitu alichokiona kweli kwenye ukurasa wake. Watatu walijibu, wawili wakakubali kuzungumza. Sita ni wachache mno kuwa kipimo, lakini hakuna aliyemwelekeza kwenye tovuti.

Sasa mazungumzo yenyewe. Alikuja na maswali kumi na manne. Dakika ishirini zinabeba manne, matano ukiwa na mtu asiye msemaji. Tulipoyapitia, mengi yalikuwa ya aina ya "changamoto za kazi hii ni zipi?" Swali kama hilo linajibiwa kwa usemi wa jumla: safari nyingi, muda haba, makaratasi. Utaandika, utashukuru, na utakuwa hujaongeza kitu. Tuliligeuza likawa: "Mara ya mwisho ulipokwenda kituoni, ulifanya nini tangu ulipoingia mpaka ulipotoka?" Mtu akiulizwa siku moja mahususi hana budi kukumbuka, na akikumbuka hutaja vitu.

Na kweli alivitaja. Muuguzi alinisimulia usiku ule ule, akisoma kwenye daftari. Siku ya kwanza mfuatiliaji alianza na kabati la mafaili, akatoa fomu za ridhaa zote za washiriki wapya, akaangalia saini na tarehe moja baada ya nyingine. Akaenda kwenye friji ya dawa, akapitia mstari kwa mstari kumbukumbu za joto kuona kama kuna siku lilitoka nje ya nyuzi 2 hadi 8. Akahesabu vichupa vilivyobaki, akalinganisha na vilivyotolewa. Kisha saa nyingi za kukaa na jalada upande mmoja na skrini upande wa pili, kulinganisha namba. Na kwenye fomu ya ridhaa ya mshiriki mmoja akakuta kitu: ridhaa imesainiwa tarehe ile ile damu ilipochukuliwa, ila hakuna mahali panapoonyesha kipi kilitangulia. Ridhaa lazima iwe kabla ya kitendo chochote cha utafiti. Hilo ni msingi katika ICH E6, mwongozo wa kimataifa wa kuendesha majaribio ya dawa, tangu ulipopitishwa mwaka 1996. Kama vyote ni siku moja na hakuna saa wala maelezo kwenye jalada, nani atathibitisha? Nusu ya mchana ilikwenda hapo, na barua za kulifuatilia zikachukua wiki mbili.

"Nikamwambia," akasema muuguzi, "wodini tunaandika saa ya kila kitu, hata panadoli." Mfuatiliaji akacheka na kusema hicho hasa ndicho alichokuja nacho kutoka wodini. Kilichomkwamisha kilikuwa kinyume chake: kituoni huruhusiwi kurekebisha. Ukiona kosa unaliandika, unalieleza, unasubiri wenyewe walisahihishe. Muuguzi aliyezoea kukimbilia dripu iliyoziba, kukaa mikono mapajani ni mateso. Hilo huwezi kulikuta kwenye tangazo la kazi.

Alichotoka nacho zaidi ni habari ya mlango. Alidhani njia ni kulipia kozi kisha kuomba ufuatiliaji moja kwa moja. Mfuatiliaji akamweleza kwamba yeye mwenyewe hakuingia hivyo: alianza kama muuguzi wa utafiti kwenye kituo, akawa mratibu, akakaa upande wa wanaokaguliwa kabla ya kuwa mkaguzi. Kozi ya kanuni za utafiti ataihitaji, ila fupi ya mtandaoni ingemtosha kwa kuanzia, na kwanza aulize kama hospitali yake mwenyewe ina jaribio linaloendelea. Ilikuwa nalo. Ghorofa mbili juu ya wodi yake.

Dakika ya kumi na nane muuguzi akasema, "Dada, naona zimebaki mbili, sitaki kukuchelewesha." Wakaongea nyingine kumi na tano, kwa hiari ya mwenye muda. Hapa alifanya vizuri mno, na labda kwa sababu hiyo akajisahau. Mwisho kabisa akasema: "Basi nafasi zikitokea hapo kwenu, utanikumbuka?"

Nilimuuliza ilikuwaje baada ya hapo. "Akasema sawa, nitaangalia. Halafu akaaga." Mfuatiliaji naye alinisimulia upande wake kesho yake bila mimi kumchokoza. Hakukasirika. Alisema tu kwamba mpaka pale alikuwa amepanga kumpa jina la mratibu mmoja wa kuongea naye, na swali lile likamfanya asite. Fikiria alichokisikia: nusu saa nzima aliamini anamsaidia mtu kuamua, ghafla ikaonekana ilikuwa njia ya kufikia ombi. Yale ya mwanzo yote yakapata rangi nyingine. Swali ambalo lingempatia zaidi ya alichoomba lilikuwa hili: "Kuna mtu mwingine unayedhani ningefaa kumsikiliza?" Halimtaki mtu aahidi asichokuwa nacho, na linamruhusu kutoa alichokuwa tayari ameshika mkononi.

Kosa lilishafanyika. Kulirekebisha kwa barua ndefu ya kuomba radhi kungelikuza. Muuguzi aliandika shukrani asubuhi iliyofuata, na ndani yake mkawa na sentensi moja tu kuhusu jambo hilo: "Lile swali la nafasi lilinitoka kwa msisimko, nilichokuja kutafuta nimekipata, usilibebe." Sehemu iliyobaki ilikuwa ya kazi: kwamba ameahirisha kulipia kozi, kwamba Jumatatu atapanda zile ghorofa mbili kumwona mratibu wa jaribio, na kwamba lile la kukaa mikono mapajani limemfikirisha kuliko yote. Shukrani ya namna hii ina uzito kwa sababu inamwonyesha mtu maneno yake yalikokwenda. "Asante kwa muda wako wa thamani" haimwonyeshi kitu.

Siku mbili baadaye jina la mratibu lilikuja, bila maelezo, na neno "mwambie nimekutuma".

Baada ya hapo watu wengi hupotea. Wanarudi mwaka mmoja baadaye wakiwa na shida, na aliyewasaidia anajikuta anakumbukwa wakati wa haja tu. Muuguzi aliweka alama kwenye kalenda yake, miezi mitatu mbele. Kufikia siku hiyo hakuwa mfuatiliaji, wala hajui kama atakuwa. Zile safari za wiki baada ya wiki zinampa mashaka, ana mtoto mdogo. Lakini alikuwa akitoa mchana wake mmoja kwa juma kwenye jaribio la pale hospitalini, akimsaidia mratibu kupanga mafaili. Akamwandikia mfuatiliaji mistari minne. Alimwambia kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa kupitia fomu za ridhaa, na kwamba alikuta hazina mahali pa kuandika saa.

Mfuatiliaji alikuwa kituoni siku ile, nilijua kwa sababu meza yake ilikuwa tupu. Alijibu jioni, sentensi moja: "Sasa je, mmeweka?"